Tupeane uzoefu: mlikataaje ubia na kampuni ambayo taratibu zake hazilingani na zenu?

MwanaMkomani (mwanzishaji wa uzi)
Assalam aleikum jamani. Nasimamia ununuzi kwenye kampuni ndogo ya kamba mawe hapa Lamu. Tunanunua kwa wavuvi wa Kizingitini na Faza, na kamba hao tunawapeleka Mombasa wakiwa wazima. Kaskazi hii ilitujia kampuni kubwa kuliko yetu ikitaka ubia. Wao watoe mtaji na soko la nje, sisi tuwape wavuvi na jina. Tumekataa, na ningependa kusikia nyinyi mlikataaje mambo ya namna hii, kwa sababu hapa mjini mtu unayemkataa leo kesho mnakutana gatini.

Naanza na letu. Makaratasi yao yalikuwa safi, lakini tuliomba kuuona mzigo wenyewe. Kanuni zinakataza kamba mawe wa chini ya gramu 250, na zinakataza jike mwenye mayai. Kwenye mizani wote walipita. Fundi wetu wa kupanga mzigo akaanza kuwageuza mmoja mmoja. Jike anajulikana kwa jozi ya mwisho ya miguu, ncha zake zina kikoleo kidogo ambacho dume hana. Ukimgeuza jike mpevu, vile vipezi vya chini ya mkia vina nywele laini ndefu, ndizo zinazoshika mayai. Majike kadhaa wa kwao nywele zilikuwa zimekatika katika, vipezi vimechanika pembeni, na kwenye shina la kipezi bado kumeganda punje chache za rangi ya chungwa. Mayai yalikuwepo na yamesuguliwa kwa brashi. Jike akiyaachia mwenyewe, nywele hubaki nzima.

Hapo uamuzi ulikwisha. Mkurugenzi wetu aliwafuata kuwaambia ana kwa ana, kisha tukaandika barua fupi. Sehemu yake kuu ilisema hivi: "Tunawashukuru kwa kutufikiria. Sisi hatupokei jike mwenye mayai wala aliyeondolewa mayai, na kila kamba tunayemuuza tunaweza kuonyesha chombo kilichomleta. Kwa utaratibu mnaotumia sasa hatutaweza kushirikiana, na jibu hili ni kwa pendekezo lote. Tunaomba jina la kampuni yetu lisitajwe katika mazungumzo yenu na wanunuzi." Kreti zao za mfano tulizirudisha siku ileile, na pesa za awali walizokuwa wametuma vilevile, wakatia saini.

Hatukuandika kwamba wanasugua mayai. Kwa mzigo mmoja huwezi kujua brashi ilishikwa na mpiga mbizi, dalali, au wao wenyewe. Tulichokuwa na hakika nacho ni kwamba wanapokea, na hicho kinatosha kukataa.

NahodhaWaMalindi
Waaleikum salaam. Hapo kwenye jina mmenigusa. Sisi tuna boti za kupeleka wageni hifadhi ya bahari ya Malindi. Wakala mmoja alitaka tuungane, atuletee wageni kila siku, ila boti zake zilikuwa zinatupa nanga juu ya matumbawe na kuwamwagia samaki mkate ili wageni wapige picha. Sisi tunafunga kwenye maboya. Tulimkataa kwa simu, kwa heshima zote. Miezi ikapita, mgeni akatuonyesha tangazo la yule wakala lina picha ya boti yetu, namba ya ubavuni inasomeka. Kumwambia aitoe akasema, "Mbona tulizungumza?" Hatukuwa na hata mstari mmoja wa maandishi. Tangu hapo kila "hapana" yetu inaandikwa, na picha tulizowatumia wakati wa mazungumzo tunataja kwamba zifutwe.

Abuu_Shela
Mimi naona mmejibana bure. Kama kampuni ina leseni na kibali cha kusafirisha, ni halali. Kazi ya kukagua ni ya maafisa wa uvuvi, si yenu. Na ukitaka kumkataa mtu bila ugomvi, mpandishie bei tu, ataondoka mwenyewe.

MwanaMkomani
Ndugu yangu Abuu, ni kweli leseni ni lazima, na ni kweli ukaguzi ni wa maafisa. Lakini leseni inamruhusu mtu kufanya biashara, haisemi kila kamba aliye kwenye kreti amevuliwa vipi. Mzigo ukishachanganyika na wetu, kitabu chetu cha kuandika kila kamba na chombo kilichomleta kinakuwa hakina maana, maana hakuna atakayejua yupi ametoka kwa nani. Mnunuzi wetu wa Mombasa anatulipa kwa ajili ya kile kitabu.

Hilo la bei sisi tulilikwepa kwa makusudi. Ukimpandishia bei umemwambia kwamba tatizo ni bei. Hawa wana mtaji, wangelipa. Ungejibu nini hapo?

Mama Faruku
Nami naomba ushauri. Nina kiwanja cha ubia na binamu yangu, anataka tujenge vyumba vya wageni na mimi sitaki. Nimwandikie barua pia?

NahodhaWaMalindi
Mama Faruku, hilo la ukoo lina njia yake. Anza na wazee, barua ije baadaye kabisa. Hapa tunazungumzia kampuni ambayo bado hamjaungana nayo.

Bi_Kizingitini
Mimi ni mke wa mpiga mbizi, nasema upande wetu. Nyinyi mmekataa, Mungu awabariki, lakini wale hawakuondoka. Sasa wananunua moja kwa moja kwa dalali, na wanachukua hata mwenye mayai. Mume wangu akimrudisha jike majini anarudi mikono mitupu, mwenzake anayesugua anarudi na pesa. Kaskazi maji ni meupe, ndio wakati wetu wa kupata. Kusi ikiingia bahari inachafuka, tunakaa. Mlifikiria hilo mlipoandika barua yenu nzuri?

MwanaMkomani
Tulilifikiria dada, na jibu kamili sina. Kuna aliyependekeza tumlipe mvuvi kitu kidogo kwa kila jike anayemrudisha, lakini utamhesabuje aliyeachiwa baharini? Na akiletwa hadi ufukweni ili ahesabiwe, tumemlipa mtu kwa kumvua. Tulichokifanya ni kulipa siku hiyohiyo mzigo unapofika, maana dalali huwashika wavuvi kwa kuchelewesha malipo na kuwakopesha miwani na mafuta. Baadhi wamebaki nasi kwa hilo. Wengine wamekwenda, siwalaumu.

Bi_Kizingitini
Kulipa siku hiyohiyo ni kweli kunasaidia. Lakini deni la mafuta bado liko kwa dalali, na mwenye deni hachagui pa kuuza.

FundiBarafu
Swali kwa mwanzishaji. Wakirudi na kusema wamejirekebisha? Kwetu tuliowakataa walirudi baada ya mwezi na karatasi ya sera mpya, imepigwa muhuri.

MwanaMkomani
Wamesharudi. Wanataka kikao, wanasema sasa hawapokei mwenye mayai. Tumewajibu kwamba karatasi hatuijadili. Wakitaka tuwatazame tena, watuonyeshe daftari lao la ununuzi chombo kwa chombo kwa kaskazi nzima, na fundi wetu aruhusiwe kugeuza kamba siku yoyote bila taarifa. Daftari linaloonyesha jina la dalali mmoja tu kila siku halitusaidii, maana hapo ndipo brashi inapojificha.

Mpaka leo hawajajibu. Mkurugenzi anaona hata wakikubali tusirudi. Mimi naona wakifungua daftari tukatazame, kwa sababu ya hayo aliyoyasema Bi Kizingitini: wao ndio wanaonunua kwa wingi sasa. Hapo ofisini hatujakubaliana.