Utando mweupe mdomoni kwa mwanangu wa wiki 7, na mimi pia ninao: ni inhela yangu ya pumu?

MamaWikiSaba
Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana wiki 7, ananyonya maziwa yangu tu. Siku kama kumi sasa ana madoa meupe ulimini na ndani ya mashavu, mithili ya maziwa yaliyoganda. Famasi walinipa nistatini ya matone. Nilimpa siku 3 kila kabla ya kunyonya, yakapungua nikaacha, sasa yamerudi kwa nguvu. Mimi nina pumu, navuta bekilometasoni, ile inhela ya kahawia, asubuhi na jioni. Juzi nimejiangalia kwenye kioo, na mimi nina utando kooni na sauti imekwaruza. Mama mkwe anasema dawa inapita kwenye maziwa inamuunguza mtoto, niiache. Mwaka jana nililazwa kwa pumu, naogopa. Nifanyeje?

BibiWaPwani
Pole mwanangu. Hayo ni maziwa tu yameganda. Sisi tuliwafuta watoto kwa kitambaa safi chenye asali, kesho yake ulimi umetakata.

KifuaChepesi
Dada, ni inhela. Steroidi inashusha kinga ya mdomo, fangasi wanapata nafasi. Mimi niliacha zote mbili, ya kahawia na ya bluu, wiki moja tu utando ukaisha.

NesiWaZamu
Shikamoo bibi, ila asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1, hata ya kupakwa ulimini. Inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto hadi ashindwe kupumua. Kuhusu maziwa, yapo kweli yanayobaki ulimini, lakini yanafutika kirahisi na hayakai mashavuni. Utando wa fangasi umeng'ang'ania. Ukiulazimisha, chini kunabaki wekundu, pengine na damu. Kwa hiyo usimsugue.

KifuaChepesi, la kinga ya mdomo umesema sawa, lakini ya bluu ni salbutamoli, haina steroidi. Na mama aliyelazwa mwaka jana asiache ya kahawia. Kiasi kinachofika kwenye maziwa ni kidogo mno, hakimletei mtoto utando. Watoto wa umri huu wanapata fangasi hao kwa sababu kinga yao bado changa, wengine wanawachukua wakati wa kuzaliwa, na antibayotiki huwachochea.

Mama, nadhani tatizo lako ni namna ulivyompa dawa. Nistatini inaua fangasi inaowagusa tu, tumboni hainyonywi. Ukimpa kabla ya kunyonya, maziwa yanaisukuma yote chini. Mpe baada ya kunyonya: mililita 1, nusu shavu hili, nusu lile, mara 4 kwa siku. Usiache pindi weupe unapopotea. Endelea siku 2 zaidi. Kwa kawaida inafika wiki nzima. Chuchu za chupa au nyonyo kama anatumia, zichemshe kila siku.

Wewe sasa. Ukivuta inhela moja kwa moja, sehemu kubwa ya dawa inatua mdomoni na kooni badala ya kufika kifuani. Omba spesa, lile kopo la plastiki la kuvutia. Kila ukimaliza kuvuta, gogomoa maji kooni kisha uyateme, usiyameze. Iweke inhela karibu na mswaki, vuta kwanza ndipo upige mswaki, hutasahau. Utando uliopo mwonyeshe daktari akupe dawa yako, usigawane chupa na mtoto.

MzeeTarumbeta
Mimi meno yangu ni ya bandia na utando ninao chini yake. Nigogomoe pia?

NesiWaZamu
Mzee wangu, hilo ni jingine. Yavue usiku, yasugue, na upimwe sukari.

KifuaChepesi
Mbona hamtaji ile dawa ya zambarau, GV? Kwetu ndiyo kila kitu.

NesiWaZamu
Ile ya 0.25% bado inatumika kliniki nyingi. Yenye nguvu zaidi inachubua mdomo wa mtoto, na nchi nyingine zimeanza kuikwepa kabisa kwa hofu ya saratani. Mimi nikiwa na nistatini siigusi GV.

MamaWikiSaba
Asanteni sana. Leo siku ya 6, mashavu ya mtoto yamesafika, ulimini kumebaki doa moja. Nagogomoa, sauti imeanza kurudi. Ila chuchu zinachoma ndani kama sindano nikimaliza kunyonyesha. Nazo ni fangasi?

NesiWaZamu
Inawezekana, hasa kama zinang'aa au zinabanduka ngozi. Lakini maumivu hayo mara nyingi hutokana na mtoto kushika chuchu tu badala ya titi, na wataalamu wenyewe hawakubaliani ni mangapi ya fangasi. Nenda kliniki ukamnyonyeshe mbele ya mkunga, aone anavyoshika. Na utando wako wewe ukikataa kuondoka licha ya kugogomoa na dawa, omba vipimo vya sukari na VVU hapo hapo.

MamaWikiSaba
Kliniki yangu ni Jumatano. Nitamwomba mkunga anitazame nikinyonyesha.