Mrejesho: Bango la Krismasi dukani

Niliuliza: "Binti wangu wa dukani katafsiri tangazo la Krismasi, limetoka 'ZAWADI BURE, TUNAFUNGA'. Wateja wananisumbua. Niandikeje?"

Jamani, kabla sijalibandua, mama mmoja kachagua chupa ya chai na vikombe sita, kaviweka kaunta. "Nifungie, mwanangu. Mungu awazidishie." Binti kafunga vizuri, utepe mwekundu juu. Kutaja bei tu, mama kanyoosha kidole kwenye bango. Nyuma yake mzee akadakia, "Mhudumieni haraka, si mnafunga?" Nilicheka mpaka nikampunguzia mama bei.

Nimefuata ushauri wenu, sasa linasomeka: "Ukinunua zawadi hapa, tunakufungia kwa karatasi bila malipo." Wateja wamepungua kidogo, ila waliobaki wanakuja na pesa.