IBS au IBD? Mdogo wangu anaamka usiku kwenda chooni

Mama_Uyole: Habari za jioni wadau. Mdogo wangu wa kiume, miaka 24, yuko Mwanjelwa, anaharisha na tumbo linamkata tangu Januari. Katibiwa amiba mara tatu. Flajili inampa nafuu siku nne tano, halafu yale yale. Daktari mmoja kasema IBS, yaani tumbo kusumbua bila kidonda, mwingine anashuku IBD, yaani utumbo wenyewe kuvimba na kutoka vidonda. Tunatofautishaje? Chooni mara sita kwa siku, usiku anaamka mara mbili. Kilo zimeshuka kutoka 61 hadi 53.

Mzee_Tukuyu: Apunguze maharage na maziwa. Mimi nina IBS mwaka wa nane. Tumbo linajaa gesi, linakata, nikishajisaidia napoa. Ada za shule zikikaribia ndiyo linachachamaa kabisa. Ni mawazo tu hayo, msimsumbue na makamera ya utumboni.

Nesi_Mstaafu: Shikamoo mzee. Usiku je, tumbo linakuamsha?

Mzee_Tukuyu: Marahaba. Nalala fofofo.

Nesi_Mstaafu: Basi huyo kijana si kama wewe. Utumbo wa IBS hauna kidonda, unashtuka tu, na mwenyewe akilala nao hutulia. Anayeamshwa na kuharisha, tena kapungua kilo 8, lazima atafutwe kidonda. Mama, choo kina damu?

Mama_Uyole: Nimempigia sasa hivi. Ipo, alikuwa anaona aibu kusema. Imechanganyika na kamasi. Na magoti yanamuuma, anameza diklofenaki.

Nesi_Mstaafu: Diklofenaki aache, inachubua utumbo. Magoti yenyewe yanaweza kuwa ya ugonjwa huo huo. Matone mekundu juu ya choo kigumu ningesema bawasiri, hata mtu wa IBS huipata. Iliyochanganyika na kamasi ni habari nyingine. Apimwe wingi wa damu na CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini. Kipimo cha kalprotektini kwenye choo, protini inayopanda utumbo ukivimba, kikipatikana, jibu chini ya 50 linaiweka IBD mbali. Likiwa juu halithibitishi, maana amiba na hiyo diklofenaki pia hulipandisha.

Kijana_wa_Kyela: IBD ni ya wazungu. Huku ni kichocho, mpeni prazikwanteli yaishe.

Nesi_Mstaafu: Nusu umepatia. Kichocho cha utumbo kinaleta damu, na TB ya utumbo inafanana na ugonjwa wa Krons, aina moja ya IBD, hadi madaktari wanabishana. Ila Waafrika tunaugua IBD, nimewauguza. Ndiyo maana kamera iingie na kinyama kikatwe kipimwe, kabla mtu hajamwandikia prednisoloni, dawa ya IBD inayoshusha uvimbe na kinga. Dawa hiyo ikikuta amiba au TB, inaipalilia.

Mama_Uyole: Majibu ya damu yametoka, hemoglobini 9.2. Kamera ni Jumatano.

Mzee_Tukuyu: Nesi, nami damu niliiona Pasaka. Kidogo tu.

Nesi_Mstaafu: Juu ya choo au ndani yake, mzee? Na una miaka mingapi?