Naomba ushauri: kitako cha piramidi ya watu ya kaunti yetu kimebana, je, tuache kujenga chekechea?

Mwana_wa_Mbale

Wanajukwaa hamjambo. Niko katika kamati ndogo ya wakazi hapa Vihiga inayoandaa maoni ya kupeleka kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti. Tunaomba madarasa mawili ya chekechea. Tumepewa piramidi ya idadi ya watu iliyochorwa kwa sensa ya 2019, wanaume kushoto, wanawake kulia, umri ukipanda miaka mitano mitano.

Mwenzetu mmoja aliichukua akatuonyesha kwamba upau wa chini kabisa, wa watoto wa miaka 0 hadi 4, ni mfupi kuliko pau zilizo juu yake. Akasema watoto wanaisha, madarasa yatabaki matupu. Pia upande wa wanaume, kuanzia miaka ya ishirini, umeingia ndani kama umeng'atwa, na huku juu wanawake wazee ni wengi kuliko wanaume. Mimi nilisoma jiografia zamani, nakumbuka tu kwamba kitako kipana ni nchi inayozaa sana. Huu wetu niusome vipi? Mwenzetu yuko sahihi?

Otis_Kondele

Mwenzenu yuko sahihi. Zamani Kenya ilikuwa pembetatu kabisa, chini pana juu ncha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke mmoja alikuwa anazaa kwa wastani watoto 8 hivi. Utafiti wa afya wa 2014 ulipata 3.9, na ule wa 2022 ukapata 3.4. Kitako kikibana maana yake uzazi umeshuka, na uzazi ukishuka idadi ya watu inapungua. Ombeni kitu kingine, labda vyuo vya ufundi.

Msomi_KCSE

Samahani, katika mtihani tukiambiwa tuchore, ni lazima tutumie asilimia au idadi kamili inakubalika? Na wazee wa 80 na zaidi wanachorwa wapi?

Karani_Mstaafu

Msomi, fuata swali linavyosema. Ukiachiwa uchague, na unalinganisha sehemu mbili, tumia asilimia. Nakuru ilihesabiwa watu milioni 2.16 mwaka 2019, Vihiga 590,013. Ukizichora kwa idadi kamili kwenye kipimo kimoja, ya Vihiga itakuwa kijiti tu na umbo lake hutaliona. Wazee hao wanawekwa kwenye upau mmoja wa juu kabisa, na ndiyo maana wakati mwingine upau huo huonekana mrefu kuliko ulio chini yake.

Sasa ndugu wa Mbale. Nimewahi kuhesabu watu katika sensa na baadaye nikafanya kazi na majedwali yake, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo.

Kabla hujasema upau ni mfupi au mrefu, ugeuze uwe miaka ya kuzaliwa. Sensa ilihesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia 25 Agosti 2019. Aliyekuwa na miaka 0 hadi 4 usiku ule alizaliwa kati ya Agosti 2014 na Agosti 2019. Wa miaka 10 hadi 14 alizaliwa kati ya 2004 na 2009. Kwa hiyo pau mbili hizo ni vizazi viwili tofauti, na kila kimoja kimepitia mambo yake. Upau hufupishwa na mambo matatu tu: waliozaliwa walikuwa wachache, au wamekufa, au wamehama. La nne linatoka kwetu makarani, kwamba hawakuhesabiwa au waliandikwa umri usio wao.

Otis ametaja la kwanza, na ni kweli uzazi umeshuka. Lakini chukua jedwali la nchi nzima la 2009, tazama watoto wa 0 hadi 4: walikuwa chini kidogo ya milioni 6. Miaka kumi baadaye watoto wale wale ndio wa 10 hadi 14. Sensa ya 2019 iliwapata zaidi ya milioni 6.

Kizazi hakiongezeki kwa kukua. Kinaweza kupungua kwa vifo, na wahamiaji watoto kutoka nje si wengi kiasi hicho. Njia iliyobaki ni kwamba 2009 tuliwahesabu pungufu. Na nimeliona hilo kwa macho. Unamwuliza mama wako wangapi nyumbani, anakutajia wanaotembea na kusema. Mchanga wa wiki tatu aliye mgongoni haji akilini mpaka umwulize kwa makusudi. Wengine wa miaka minne na miezi kadhaa wanaandikwa watano, wanaruka upau.

Kama kasoro hiyo ilikuwepo 2009, sioni kwa nini isiwepo 2019. Kwa hiyo sehemu ya kile mwenzenu anachokiita kuisha kwa watoto ni watoto walio hai ambao karatasi haikuwashika.

Otis_Kondele

Karani, lakini hujakataa kwamba uzazi umeshuka. Hata ukiongeza hao waliosahaulika, mwelekeo ni wa kupungua.

Karani_Mstaafu

Sijakataa, na sehemu ipi ni ya uzazi na ipi ni ya makarani siwezi kuitenga kwa piramidi moja. Ninachokataa ni hatua yako ya pili, kwamba uzazi ukishuka watu wanapungua. Fanya hesabu ya mfano. Tuseme mahali fulani kuna wanawake 1,000 walio katika umri wa kuzaa, kila mmoja anazaa watoto wanne. Hao ni watoto 4,000. Kizazi kinachofuata, kwa sababu kitako kilikuwa kipana, kina mabinti 1,400 wanaoingia umri huo, na kila mmoja anazaa watatu tu. Watoto 4,200. Kila mama amezaa mmoja pungufu, na bado chekechea imepata watoto zaidi.

Sasa rudi kwenye piramidi yako, upande wa kulia, mabinti wa miaka 5 hadi 14. Hao mwaka 2029 watakuwa na 15 hadi 24. Pau zao ndizo ndefu kuliko zote, sivyo? Hapo ndipo jibu la madarasa lilipo, kuliko kwenye upau wa chini kabisa.

Mwana_wa_Mbale

Ndizo ndefu kweli. Ila swali: si watakuwa wameondoka? Hapa kwetu binti akimaliza kidato cha nne anaenda Kisumu, Nakuru au Nairobi.

Dada_Njoro

Hapo umegusa penyewe. Sisi huku Nakuru ndio tunawapokea. Nimepanga nyumba ploti yenye vyumba kumi na miwili, wapangaji karibu wote wana umri wa miaka ishirini hadi thelathini na tano, nusu wametoka magharibi. Kwa hiyo hilo pengo lenu la wanaume si vifo, wako huku wanafanya kazi mashambani na mjini.

Karani_Mstaafu

Dada, unalosema linaonekana hata kwenye jumla. Vihiga mwaka 2019 ilikuwa na wanaume 283,678 na wanawake 306,323, yaani wanaume 93 hivi kwa kila wanawake 100. Nakuru ni 1,077,272 kwa 1,084,835, wanakaribia kulingana. Watoto wa kiume huzaliwa wengi kidogo kuliko wa kike kila mahali, kwa hiyo upungufu wa Vihiga umeingia baada ya kuzaliwa.

Namna ya kujua kama ni kuhama au ni vifo: kuhama kwa kazi huuma upande mmoja zaidi na huanza ghafla kwenye miaka ya 20. Kisha tafuta waliokosekana upande huu kama wamejaa upande mwingine. Vifo vya ukimwi vya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kabla dawa hazijaenea, viliuma pande zote mbili. Waliokuwa vijana wakati ule, mwaka 2019 wangekuwa na miaka arobaini na kitu hadi sitini. Ukiona pau za umri huo zimekonda kwa wanaume na wanawake pia, hasa kaunti za kandokando ya ziwa, usiseme wote wako Nakuru.

Na ukiona upau wa 30 hadi 34 umetokeza kuliko majirani zake, usiutungie hadithi. Mtu asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa husema thelathini, arobaini, hamsini. Kwa wazee tulikuwa tunatumia matukio: ulikuwa umeolewa wakati wa Uhuru 1963? Njaa ya gorogoro ya 1984 ilikukuta na watoto wangapi? Hata hivyo nambari za mviringo hupata watu wengi kupita kiasi.

Mama_Emuhaya

Wanangu, mimi nimesoma mpaka hapa nikaona mnanizungumzia. Huko juu mnakosema wanawake wazee ni wengi, mimi ndiye. Nina wajukuu wanne nyumbani, wazazi wao wako mjini. Hao watoto mnawaweka wapi katika hesabu zenu? Mama yao hayuko Vihiga, lakini wao wanasomea hapa, na chekechea ya karibu ni mwendo wa saa nzima kwa mguu wa mtoto.

Karani_Mstaafu

Mama, shikamoo. Wamehesabiwa hapo walipolala, yaani kwako, na swali lako linaibomoa hesabu yangu ya mabinti kwa kiasi fulani. Nilidhani mama akihama na mtoto anahama. Kumbe mtoto anaweza kuzaliwa Nakuru akalelewa Emuhaya, na piramidi haina mahali pa kuonyesha hilo.

Pia kuna ile hesabu ya wategemezi. Kwa nchi nzima, 2019, walio chini ya miaka 15 walikuwa kama 39 katika kila watu 100, wa miaka 65 na zaidi kama 4, waliobaki 57. Gawa 43 kwa 57, unapata wategemezi 75 kwa kila watu 100 wa umri wa kufanya kazi. Hesabu hiyo inamweka Mama, kama ameshafikisha 65, miongoni mwa wanaotegemea wengine, ilhali ndiye anayelea.

Mwana_wa_Mbale

Mama, shikamoo, na asante. Nitaomba wazee wa kijiji watusaidie kujua ni nyumba ngapi zenye watoto wanaolelewa na nyanya zao. Karani, tukitaka kulinganisha 2009 na 2019 kwa wadi yetu kama ulivyofanya kwa nchi, inawezekana?

Karani_Mstaafu

Kwa wadi ni shida. Mipaka ya wadi za sasa ilichorwa baada ya sensa ya 2009, kwa hiyo majedwali ya mwaka huo hayazijui. Linganisha kata ndogo, na kama moja iligawanywa baadaye, jumlisha vipande. Tahadhari: eneo dogo hivyo, familia ishirini zikihama upau unabadilika.

Kando ya hayo nendeni zahanati mkaombe idadi ya watoto waliopata chanjo ya kwanza ya matone na sindano kwa miaka minne iliyopita, mwaka kwa mwaka. Hao ndio watakaokuja chekechea.

Otis_Kondele

Hata hiyo ya zahanati ina tundu. Dada yangu anaishi Luanda, na watoto wote aliwachanjia Maseno kwa sababu ndiko karibu. Maseno ni Kaunti ya Kisumu.

Mwana_wa_Mbale

Kweli, sisi tuko karibu na mpaka. Basi tutaomba daftari za zahanati zote mbili, ya kwetu na ya ng'ambo, kama watakubali kutupa jumla bila majina. Kuna mtu hapa amewahi kuomba takwimu hizo kutoka kaunti jirani? Barua inaandikiwa nani?