Miembe imefyekwa, lami imemwagwa, sasa Tabora tunabanikwa. Nani aliona hii ni akili?

Mnyamwezi_Halisi (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Mtaa wetu hapa Tabora mjini, si mbali na Kanyenye, ulikuwa na miembe pande zote mbili toka nimezaliwa. Ni miembe ambayo mabibi walikuwa wanauzia karanga chini yake, wazee wanachezea bao, na wewe ukitoka sokoni saa nane mchana unaruka kutoka kivuli kimoja hadi kingine mpaka unafika nyumbani.

Mwaka huu wakaja na mashine za kukatia miti. Barabara inapanuliwa. Hakuna aliyeitwa kikaoni, hakuna tangazo, tumeamka tu tunasikia ngurumo. Njia iliyokuwa mita 6 za vumbi leo ni mita 12, katikati lami nyeusi tii, pembeni mtaro wa zege na vumbi jekundu. Kivuli sifuri.

Sasa ni Oktoba, mvua bado, na mnaijua Oktoba ya Tabora. Saa tatu usiku ukiweka kiganja kwenye ukuta wa chumba changu unaoangalia barabara, wa moto. Wa nyuma, upande wa uani ambako jirani ana mwembe wake, umepoa. Nyumba ile ile, tofali lile lile. Watoto nimewahamishia chumba cha nyuma na mimi natandika mkeka uani.

Nikimuuliza mhusika mmoja ananijibu: "Mtaa mpana unaingiza hewa, mtashukuru." Hewa gani? Upepo ukivuma mchana unanipuliza joto la lami.

Iliyobaki ni miembe mitatu karibu na msikiti, na yenyewe ishapigwa alama ya rangi nyekundu. Ninataka kujua, hivi nina wazimu au hili joto limetengenezwa?

Kaka_wa_Gongoni

Pole mkuu, ila usiwaonee. Joto limepanda dunia nzima, moshi wa viwanda huko kwa wenzetu. Hata mngebaki na miembe mngeungua tu.

Mnyamwezi_Halisi

Dunia nzima imepanda mpaka ikachagua ukuta wangu wa mbele, wa nyuma ikauacha?

FundiRamani

Kaka wa Gongoni amesema nusu. Dunia inapata joto, kweli, lakini hilo haliwezi kuutofautisha ukuta wa mbele na wa nyuma kwenye nyumba moja. Hii ni kazi ya mtaa wenyewe.

Mwanzisha uzi, nijibu kitu kimoja kabla sijaendelea: barabara yenu imelalia mashariki-magharibi au kaskazini-kusini?

Mnyamwezi_Halisi

Mashariki-magharibi. Asubuhi jua linachomoza ule mwisho wa sokoni, jioni linazama mwisho wa pili.

FundiRamani

Basi wamekosea mahali pabaya kuliko pote, na nitakueleza kwa nini.

Tabora iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Wiki ya kwanza ya Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, na adhuhuri yenyewe hapa kwetu ni kama saa sita na nusu kwa saa ya mkononi. Kwa hiyo mwezi wa joto ndio mwezi ambao jua linasafiri kwenye mstari wa barabara yenu, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kuta za nyumba hazina jinsi ya kuikinga. Hata mwisho wa Oktoba, jua linapokuwa limesogea kusini, mnapata ukingo mwembamba tu wa kivuli chini ya ukuta.

Chukua sasa njia ya kaskazini-kusini. Nyumba zetu nyingi ukuta na bati unafika mita 3 na nusu hivi. Saa kumi na nusu jioni jua liko nyuzi 30 juu ya upeo, kwa hiyo ukuta huo unatupa kivuli cha mita 6. Kama njia ni ya mita 6, saa hiyo yote iko kivulini. Ipanue iwe mita 12, nusu bado inaungua. Ndiyo maana vichochoro vya mjini vinapoa mchana.

Lakini njia yenu ingekuwa mita 6 au 12, ukuta usingesaidia. Kivuli pekee kinachowezekana hapo ni cha juu, yaani mti. Wamekata kitu pekee kilichokuwa kinafanya kazi.

MamaSaumu_Ujiji

Sisi huku Ujiji miembe tunayo, na jioni upepo wa ziwa unakuja. Hamieni Kigoma jamani 😂 Ila na mimi nina swali, friji yangu haigandishi siku hizi, ni hilo hilo joto?

FundiRamani

Mama Saumu, isogeze friji mbali na ukuta kwanza, tutaongea. Ila umegusa jambo: Tabora hatuna ziwa la kutuokoa jioni. Kilichoingia ukutani mchana kinatoka usiku polepole, na kinatokea chumbani kwako.

Mzee_wa_Mbao

Magogo yalichukuliwa na nani? Mbao ya mwembe si mbaya, inatengeneza stuli.

Dogo_Ipuli

Suluhisho jepesi: pakeni chokaa barabara yote iwe nyeupe. Nyeupe inarudisha jua. Kwisha habari.

FundiRamani

Dogo, kanuni yako ni sahihi, mahali ndipo umekosea. Lami mpya inarudisha chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga wa jua, chokaa safi inarudisha kama sehemu nane kati ya kumi. Lakini barabara nyeupe itaurudisha wapi? Usoni kwa mpita njia na kwenye kuta zilezile. Nyeupe iweke juu ya paa, mwanga urudi mbinguni usimguse mtu. Bati lenye kutu kahawia ndilo linalokupikia dari. Tumia rangi nyeupe ya bati, maana chokaa haishiki kwenye bati, mvua ya kwanza inaondoka nayo. Na vumbi letu jekundu litaichafua, kwa hiyo lazima mtu apande kuosha, la sivyo miaka miwili mitatu faida yake inapungua sana.

Ukuta wa mbele upake rangi hafifu, utasaidia. Hautafanya kazi ya mwembe.

Kaka_wa_Gongoni

Mwembe una nini cha ajabu? Si kivuli tu? Nikiweka turubai je?

FundiRamani

Turubai linakupa kivuli, lakini lenyewe linapata moto kisha linakurushia joto. Jani linatoa maji. Tuchukue mwembe mkubwa wenye mizizi iliyofika maji, umetoa lita 100 kwa siku. Kugeuza lita 100 kuwa mvuke kunameza joto la karibu uniti 68 za umeme. Hesabu kwa bei ya LUKU ujionee. Na mwembe haupukutishi majani wakati wa kiangazi, ndio faida yake kwetu.

Nisiwadanganye, kuna mpaka. Matawi ya pande mbili yakigusana juu na kufunika njia nzima, usiku joto linakosa pa kutokea na moshi wa bodaboda unabaki chini. Acheni upenyo katikati uone anga.

Mtu_wa_Site

Mimi nafanya kazi za barabara, si mradi huo. Mnalaumu tu. Kuna eneo la hifadhi ya barabara, kuna mtaro, kuna bomba la maji. Mizizi ya mwembe inapasua mtaro, halafu mafuriko mtatulaumu sisi.

Mnyamwezi_Halisi

Mkuu, mita 12. Magari mawili kupishana mita 6 zinatosha. Toa mita moja ya mtaro kila upande, bado kila upande una mita 2. Hapo mti haukai?

Mtu_wa_Site

Unakaa, kama bomba halipiti hapo. Michoro ya bomba umeiona?

Mnyamwezi_Halisi

Sijaiona. Nani ameiona? Tumeomba, tunazungushwa. Tulichopewa kama fidia ni miashoki, imepandwa Agosti juani bila hata ndoo ya maji. Mingi ishakauka. Na hata ikikua, mwashoki unapanda juu kama nguzo ya umeme, mtu mmoja akisimama chini yake bado bega moja liko juani.

FundiRamani

Iliyokauka haitafufuka. Mkipanda, subirini mvua za Novemba zishike, muweke mwarobaini au mkungu upande wa kaskazini na kusini pia, na ujue miaka kadhaa itapita kabla kivuli hakijafika ukutani. Ndiyo maana hiyo mitatu ya msikitini ndiyo ya kupigania kwanza. Alama nyekundu iko upande gani wa mtaro?

Mnyamwezi_Halisi

Upande wa msikiti, nje ya mtaro kabisa. Mtaro ushajengwa na kupita.

Mtu_wa_Site

Kama mtaro ushapita na miti iko nje yake, hapo na mimi sielewi wanaikatia nini. Piga picha na futi ionekane, uziweke hapa.

Mzee_wa_Mbao

Wakiikata mniambie.