Maharagi marefu au mafupi kwenye ari 10: hesabu yangu inasema ni karibu sawa

Binti_Kabare
Wakubwa na wenzangu, habari za jioni. Nasoma uchumi wa kilimo hapa Bukavu, na shamba la kazi yangu ya mwisho liko Kabare. Kila aina ilipandwa kwenye ari 10. Mafupi yalitoa kilo 90, marefu yanayopanda mitini yakatoa kilo 200. Kilo tuliiuza mjini dola 0.80, na gunia pamoja na mbebaji vilikula 0.10 kwa kila kilo.

Mbegu, samadi na vibarua: mafupi dola 38, marefu dola 50. Marefu yakadai pia miti 4,000, dola 60 nzima. Nikitoa vyote, mafupi yanabakiza faida ghafi ya dola 25 na marefu 30. Dola tano tu, na mikono ilivyochubuka kwa kusimika! Niandike kwamba mkulima abaki na mafupi?

Kaka_Hesabu
Toa miti humo, dada. Miti ni kama jembe, haiishi msimu mmoja, na faida ghafi inahesabu vinavyoisha tu. Marefu yanakupa 90. Na mavuno ya kurudisha gharama ni 50 gawanya kwa 0.80, kilo 62 na nusu. Imekwisha hiyo.

Viazi_Tu
Na viazi je? Kuna mtu anajua bei ya gunia Goma wiki hii?

Agronomu_Mstaafu
Kaka, umegusa jambo lakini umelivuka. Jembe ungekuwa nalo hata bila maharagi. Miti inaletwa na maharagi marefu peke yake: ongeza ari 10 nyingine, na lazima utafute miti mingine 4,000. Kwa hiyo ni gharama ya zao hili. Kosa la binti ni kuubebesha msimu mmoja mzigo wa misimu kadhaa. Ikidumu misimu mitatu, kila msimu ubebe dola 20, na faida ghafi inakuwa 70.

La pili ni hiyo 0.80. Kilo ikiuzwa, 0.10 imeshaondoka na gunia na mbebaji. Inayobaki kulipia shamba ni 0.70. Basi marefu ni gharama ya 70, yaani 50 na 20 ya miti, gawanya kwa 0.70, kilo 100. Mafupi ni 38 gawanya kwa 0.70, kilo 54 na kidogo. Usiishie kuona kwamba 54 ni ndogo. Weka kila moja kando ya mavuno yake: marefu yanaweza kupotea nusu kabla hujaingia hasara, mafupi yakipotea sehemu mbili kwa tano tu umefika.

Mama_Shamba
Misimu mitatu? Labda kwenye daftari. Mimi niko Walungu. Nilisimika miti 1,000, baada ya kuvuna nikakusanya 600. Mingine mchwa wameila chini kwenye udongo, mingine imeenda jikoni kwa watu, na si kwangu.

Agronomu_Mstaafu
Asante mama, hiyo ni bora kuliko makisio yangu. Binti, tumia upotevu wake: kwa miti 4,000 utajaza 1,600 kila msimu, dola 24. Faida ghafi 66, na mavuno ya kurudisha gharama kama kilo 106. Ila msimu wa kwanza feza inayotoka mfukoni ni ile ile 110, yaani 50 na 60 ya miti yote, na kuirudisha kunadai kilo 157. Hilo liandikie jedwali lake. Mkulima anayekopa atabanwa hapo, hata kama zao ni zuri.

Kaka_Hesabu
Sawa mzee, hapo nimekubali. Lakini nani alifunga mashina kwenye miti? Siioni kazi ya familia popote.

Binti_Kabare
Ni mama yangu. Nilihesabu siku 14 zaidi ya zile za mafupi, sikuziwekea feza yoyote.

Agronomu_Mstaafu
Usizitie bei kwanza. Marefu yanazidi mafupi kwa 66 kutoa 25, yaani dola 41. Gawanya kwa siku 14: karibu dola 2.90 kwa siku. Kibarua kwenu analipwa ngapi?

Binti_Kabare
Dola 2. Lakini mama anasema siku zile hakuna aliyekuwa akitafuta kibarua, kwa hiyo hakupoteza kitu.

Mama_Shamba
Mama yako anasema kweli ya kwake. Mimi siku hizo nashuka Kadutu kuuza mboga, na narudi na zaidi ya dola 3. Tena marefu yananishikilia shamba karibu mwezi mzima zaidi. Huo mwezi mmeuweka wapi?

Binti_Kabare
Sijauweka, mama. Baada ya mafupi tulipanda mboga za majani kwenye zile ari 10, na kilo zake hatukuzipima.