Dagaa wa karanga kwa wageni wengi: nizidishe mara ngapi?

BintiNansio
Habari za jioni wadau. Naomba msaada wa haraka kidogo. Nina mapishi ya dagaa wa karanga ya bibi yangu wa Ukerewe, mama mdogo aliyaandika kwenye daftari zamani. Nayanakili kama yalivyo:

Dagaa moja. Karanga moja, za kusaga. Nyanya mbili. Kitunguu kimoja. Maji vikombe vitatu. Mafuta na chumvi kiasi.

Jumamosi ya wiki ijayo mtoto wa kaka anapata kipaimara hapa Buhongwa, na mimi ndiye nimeshika jiko. Nataka kupika mengi. Nizidishe mara ngapi?

Fundi_Igoma
Dada, zidisha mara kumi tu. Dagaa kumi, karanga kumi, maji vikombe thelathini. Kilichopikika kidogo kinapikika na kikubwa, hesabu ni ile ile.

MamaMwiko
Subiri kidogo, Fundi. Dagaa kumi ni kumi gani? Samaki kumi hawajazi hata kiganja, na makopo kumi yanajaza ndoo.

BintiNansio mwanangu, kabla hujaenda Mwaloni kununua chochote, nijibu mambo matatu. Bibi alikuwa anapikia watu wangapi, na wewe unapikia wangapi? Sufuria yako inaingiza maji kiasi gani? Na hiyo "moja" ni kopo au konzi? Kama ni kopo, ni kopo lipi, na lilijazwa mpaka likachongoka au lilifutwa usawa wa mdomo?

BintiNansio
Shikamoo mama. Wageni watu wazima ni kama 36, na watoto 18. Pale kwa bibi walikuwa sita mezani, hilo nalikumbuka vizuri. Sufuria ni ile kubwa ya shughuli, ya jirani. Ya kopo au konzi sijui, daftari halisemi.

KakaPilau
Kwa watu 54 weka kilo saba za mchele, na maji mara mbili ya mchele. Mimi nilipikia msiba Kisesa mwaka jana, ukatosha na ukabaki.

MamaMwiko
Baba, yeye anauliza mboga, na chakula chao nadhani ni ugali. Mchele wako tuutunze kwa siku nyingine.

Marahaba mwanangu. Watoto nahesabu wawili kwa mtu mzima mmoja, kwa hiyo 36 na tisa, una watu 45. Bibi alipikia sita. 45 kwa sita ni mara saba na nusu, siyo kumi. Ukizidisha mara kumi unapikia watu 60, na karanga zilizolala hazipendezi.

Sasa hiyo "moja". Daftari likikosa kipimo, sahani inaweza kukuambia. Chukua dagaa wakavu, chota konzi moja, weka kwenye mizani ya dukani. Kwa mkono wangu haifiki hata gramu 30. Ukiwagawia watu sita, kila mmoja anapata gramu tano, yaani samaki wachache wanaopotea kwenye tonge la kwanza. Bibi wa Ukerewe hakulisha familia hivyo. Kwa hiyo dagaa walipimwa kwa kopo. Mimi mtu mmoja namhesabia gramu 25 za dagaa wakavu pakiwa na mboga nyingine pembeni. Wanaonekana wachache, lakini ujue kilo moja ya wakavu imetokana na kilo tatu na zaidi za wabichi, na wakiingia mchuzini wanavimba.

Karanga ni upande wa pili. Ukichukua kopo lile lile ukalijaza karanga za kusaga, zinakuwa nzito kuliko dagaa mara mbili au zaidi, maana unga unajaa kila pembe na dagaa wanaacha nafasi katikati. Weka karanga hizo kwenye vikombe vitatu vya maji, unapata uji mzito wa kusimamisha mwiko. Kwa hiyo sidhani kama "moja" ya karanga ni kopo. Nadhani ni mkono. Mpigie mama mdogo umuulize hilo moja tu: bibi alichota karanga na nini?

Fundi_Igoma
Sawa mama, nakubali saba na nusu. Lakini kipimo kikishajulikana, kila kitu kinakwenda mara saba na nusu, si ndiyo? Maji vikombe 22 na nusu. Hapo hapakosewi.

MamaMwiko
Kwa dagaa, karanga, nyanya na vitunguu upo sahihi. Kwa maji hapana. Kwenye sufuria ndogo ya bibi, sehemu kubwa ya vile vikombe vitatu iliondoka na mvuke. Mvuke unatoka juu ya mchuzi, kwenye ule uwazi, na sufuria yenye mchuzi mara saba haina mdomo mpana mara saba. Ukiweka maji yote kwa hesabu, mchuzi unabaki mwepesi, dagaa wanaelea, na wewe unachochea moto ili mchuzi upungue mpaka karanga zinashika chini. Ndiyo maana niliuliza sufuria.

ShemejiKirumba
Hilo la kushika chini limenikuta. Sisi tulipika kwa ajili ya arobaini, sufuria kubwa nyembamba kitako, mkaa umejaa. Juu karanga zilikuwa hata hazijachemka, chini zimeungua. Mpishi akakoroga kwa nguvu, harufu ya moshi ikaenea sufuria nzima, na dagaa wakavunjika wote wakawa kama chicha. Nakushauri upike kwenye sufuria mbili za kawaida kwenye majiko mawili. Usikubali sufuria moja kubwa.

BintiNansio
Nimerudi. Nimempigia mama mdogo. Anasema dagaa bibi alipima kwa kopo la mafuta ya kupikia, lile la nusu kilo, alilijaza bila kushindilia. Karanga hakuzipima kwa kopo, alikutanisha viganja viwili akachota. Na vikombe ni vya chai, vile vya bati.

Sufuria nimeipima kwa chupa ya lita moja na nusu. Zimeingia chupa kumi mpaka ukingoni. Kitako ni kinene.

Kopo kama hilo ninalo, nimejaza dagaa nikaenda dukani kwa mangi: gramu 150. Viganja viwili vya karanga za kusaga: gramu 100.

MamaMwiko
Umefanya kazi nzuri sana. Sasa tunaweza kupika. Angalia, gramu 150 kwa watu sita ni zile zile 25 kwa mtu.

Dagaa: 150 mara saba na nusu ni gramu 1,125. Nunua kilo moja na robo, kwa sababu utatoa vichwa na kutakuwa na wachache wabovu. Pima tena ukishawachambua, siyo kabla. Karanga: gramu 750. Nyanya 15, vitunguu vinane kama ni vidogo. Maji: kikombe cha bati nakichukulia robo lita, kwa hiyo hesabu kamili ingekuwa lita tano na nusu na kidogo. Wewe anza na lita nne na nusu, na birika la maji ya moto likae pembeni. Kuongeza ni rahisi.

Ukijumlisha mchuzi, nyanya na dagaa waliovimba, sufuria inafika kama lita kumi. Yako inaingiza 15, basi itajaa theluthi mbili. Nafasi iliyobaki juu inatosha, na isipungue, kwa sababu karanga zikichemka zinapanda kwa povu na kumwagika jikoni.

Vitunguu vyote vinane usivikaange kwa pamoja. Vikirundikana vinatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, utaviona vyeupe na vinateleza. Kaanga kwa mafungu. Mafuta nayo hayazidishwi, yanatosha yakifunika kitako.

Karanga zikoroge kwenye maji ya baridi kwanza mpaka mabonge yaishe, ndipo umimine juu ya nyanya zilizoiva. Moto mdogo. Mwiko uguse kitako na uzunguke pembeni kila mara. Ukiona mafuta ya karanga yanajitenga juu na harufu ya ubichi imekwisha, ndipo uweke dagaa, na baada ya hapo usikoroge tena, tikisa sufuria tu. Hapo ndipo dagaa wa shemeji walipovunjikia.

BintiNansio
Asante sana mama. Na chumvi? Na mchanga?

MamaMwiko
Chumvi weka nusu ya unayoifikiria, dagaa wakishakaa dakika kumi ndipo uonje. Dagaa wa ziwani kwetu hawana chumvi yao, lakini siku hizi wapo wanaopakwa chumvi kabla ya kuanikwa. Tafuna mmoja pale pale sokoni utajua.

Mchanga unategemea walianikwa wapi. Wa kwenye chanja ni wasafi, wa chini wana mchanga. Waloweke kwenye maji ya vuguvugu, kisha wainue kwa mkono uwahamishie beseni jingine. Usimwage maji pamoja nao, mchanga uliotua chini utarudi juu yao. Rudia mpaka kitako cha beseni kiwe safi ukikipapasa.

DadaMkolani
Mama, sisi nyumbani tunawakaanga kwanza ndipo waingie kwenye karanga. Hawavunjiki hata ukikoroga. Kuwachemsha tu wanabaki na shombo.

MamaMwiko
Kukaanga kunawakaza, ni kweli. Lakini waliokaangwa wanakunywa mchuzi kwa namna nyingine na wanaongeza mafuta juu ya yale ya karanga. Bibi yake hakuandika kukaanga. Kwa wageni wengi mimi ningewaacha bila kukaanga, wewe ungewakaanga, na wote tungelisha watu.

ShemejiKirumba
Mimi bado nasimama na sufuria mbili. Ikiungua moja, nyingine ipo.

MamaMwiko
Kitako chake ni kinene na ameshaambiwa moto mdogo. Ila kama atapata mtu wa kusimamia jiko la pili, sikatai. Maji tu ayahesabu upya, midomo miwili inatoa mvuke zaidi kuliko mmoja, basi lita tano kwa jumla.

BintiNansio
Jirani anayo nyingine ya lita kumi, nitaamua nikimpata msaidizi. Alhamisi napika kipimo cha bibi kwanza, cha watu sita, kwa gramu hizi hizi. Mama mdogo anakuja kuonja.

MamaMwiko
Vizuri. Ukiipua Alhamisi pima mchuzi uliobaki kwa kikombe, uandike umepungua vikombe vingapi na umechemka muda gani. Niletee hizo namba hapa nirekebishe maji ya Jumamosi.